Donge kubwa la barafu halikuokoi na maji

Juzi baa nililetewa Negroni, kokteli ya pombe tatu, yenye donge moja la barafu, limenyooka pande zote, ang'avu kabisa hadi unaona vidole vyako upande wa pili. Nikapiga funda la kwanza: vuguvugu. Uchungu umekaa upande wake, utamu upande wake, na pombe inachoma koo kabla hujahisi ladha ya kitu kingine chochote. Glasi yenyewe kwa nje ilikuwa kavu, haijatoa hata tone la jasho. Nikamuuliza kijana wa kaunta kama aliikoroga kabla ya kuimimina. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Hapana, kaka. Donge hili haliyeyuki haraka, kwa hiyo kinywaji chako hakitaingia maji."

Sikumlaumu yeye. Alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha alifundishwa hivyohivyo. Lakini imani hii imeharibu vinywaji vingi mno na nimechoka kuivumilia. Watu wamegeuza barafu kubwa kuwa kinga dhidi ya maji, wakati Negroni isiyo na maji ni Negroni ambayo haijamalizwa kutengenezwa. Maji ni kiungo cha nne cha kinywaji kile, hata kama hayaandikwi kwenye orodha.

Tuanze na kazi ya barafu yenyewe. Wengi wanadhani barafu hupoza kwa sababu ni baridi, na maji ni hasara inayofuata baadaye. Ukweli ni kwamba kuyeyuka ndiko kunakopoza. Gramu moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri ikiyeyuka inanyonya takribani jouli 334 za joto. Kuipandisha gramu hiyohiyo kutoka nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ya kawaida ya friza, hadi kufika sifuri, kunanyonya jouli 38 hivi. Kwa kila gramu, kuyeyuka kunafanya kazi karibu mara tisa zaidi. Barafu ambayo haiyeyuki ni barafu ambayo karibu haipozi.

Chukua Negroni ya kawaida: mililita 30 za jini, 30 za Campari, ile pombe nyekundu chungu, na 30 za vermuti nyekundu, mvinyo mtamu wenye viungo. Jumla 90, na kilevi chake kwa pamoja ni kama asilimia 27, kutegemea chupa ulizotumia. Chupa zimekaa kwenye rafu, tuseme nyuzi 25. Kuushusha mchanganyiko huo hadi sifuri inabidi uutoe joto la kama jouli 9,000. Gawanya kwa 334, unapata gramu 27 za barafu iliyoyeyuka. Ni makadirio, lakini hayako mbali. Gramu hizo 27 zinakuwa maji ndani ya glasi, ujazo unafika karibu mililita 117, na kilevi kinashuka hadi asilimia 21 hivi. Hapo ndipo Negroni inapoonja kama Negroni: uchungu unalainika, harufu ya jini inafunguka, utamu wa vermuti unaacha kuganda ulimini.

Sasa angalia kisichokuwemo kwenye hesabu hiyo. Hakuna mahali nilipouliza barafu ina umbo gani. Joto la kuondoa ni lilelile, na kila gramu inabeba kiasi kilekile, liwe donge moja, vipande vinane au chenga. Dawa ya deni ni kulipa, na joto la kinywaji ni deni: donge kubwa halikusamehei, linalipa kidogokidogo tu.

Na linalipa kidogokidogo kwa sababu ya uso. Donge la sentimeta 5 kila upande lina uso wa sentimeta za mraba 150. Likate vipande vinane vya sentimeta mbili na nusu: barafu ni ileile, uso unakuwa 300. Livunje hadi chembe za nusu sentimeta, unapata chembe elfu moja zenye uso wa 1,500. Joto linaingia kwenye barafu kupitia uso huo peke yake. Kwenye glasi yangu ya juzi, sehemu ya juu ya donge ilikuwa nje ya kinywaji, sehemu ya chini imekalia kioo, na kilichobaki ni kuta nne zinazogusana na kinywaji kilichosimama bila kutikiswa. Kwa hiyo kile kilichopakana na barafu kilipoa, na kile kilichokuwa pembeni, ndicho nilichokunywa, kilibaki na joto la rafuni.

Nitakubali jambo moja, shingo upande. Donge linalotoka moja kwa moja kwenye friza lina akiba ya baridi. Donge la sentimeta 5 lina uzito wa kama gramu 115, na 115 mara 38 ni zaidi ya jouli 4,300, karibu nusu ya deni la ile Negroni bila tone la maji. Sio kidogo. Ila akiba hiyo iko ndani ya donge, inatoka taratibu, na kwenye baa nyingi haipo tena: donge limekaa kwenye ndoo juu ya kaunta hadi limelowa uso mzima, na barafu iliyolowa hivyo iko sifuri au iko njiani kufika. Halafu ukimimina kinywaji cha joto la rafuni juu ya donge lililotoka friza muda huohuo, unasikia mlio mkali na donge linapasuka katikati. Ndiyo maana anayejua huliacha kwanza nje ya friza mpaka ule ukungu mweupe wa juu uondoke na uso wake uanze kung'aa.

Dawa yake mbona ni rahisi. Pozea kinywaji mahali pengine, kisha kilete kwenye donge. Jaza glasi ya kukorogea kwa vipande vya kawaida, vile vya sentimeta mbili hadi tatu, mimina viungo, koroga kwa nusu dakika hivi. Kinywaji kitashuka chini ya sifuri, nyuzi tatu nne hivi, kwa sababu kilevi kinazuia mchanganyiko kuganda na barafu inaendelea kuyeyuka ndani yake hata chini ya sifuri. Maji yake yote ya lazima yanaingia hapo, kwa mpango wako. Chuja, mimina juu ya donge kubwa. Sasa donge linapata kazi linayoiweza: kupambana na joto dogo la chumba na la mkono wako. Polepole yake, iliyokuwa udhaifu dakika moja iliyopita, ndiyo unayoitaka.

Hata hapo, usitarajie muujiza. Kwa kuwa donge linapokea joto polepole, kinywaji kilicho juu yake kitapanda joto zaidi kidogo kuliko kile chenye barafu ndogo nyingi. Umebadilishana: maji yanachelewa, na baridi nayo inalegea. Kwa Negroni au Old Fashioned, ninayoinywa taratibu, mabadilishano hayo nayakubali bila kusita.

Kuhusu ung'avu wa barafu, naupenda. Lakini atakayekuuzia barafu ang'avu kwa hoja kwamba inayeyuka polepole zaidi, mwambie akuonyeshe. Ukungu ule wa katikati ni hewa na madini yaliyosukumwa na maji yanayoganda hadi yakakosa pa kwenda. Barafu yenye ukungu hupasuka ovyo na kumwaga vichembe, na vichembe vina uso mwingi. Faida ya ung'avu inaishia hapo na kwenye macho. Kuchemsha maji mara mbili hakutakupa barafu ang'avu. Kinachotakiwa ni kuganda kutoka upande mmoja: weka maji kwenye boksi la kuhifadhia baridi lenye kuta nene, usiweke mfuniko, liingize frizani. Kuta zinazuia baridi ya pembeni, maji yanaganda kutoka juu kwenda chini, na uchafu wote unasukumwa chini. Litoe kabla robo ya mwisho haijaganda, mwaga maji yaliyobaki, na una tofali safi la kukata kwa kisu cha mkate.

Barafu iliyopondwa nayo inasingiziwa. Inaambiwa "inaharibu kinywaji kwa maji", na mtu anaikwepa hata kwenye julepu ya mnanaa, ambayo bila barafu hiyo ni wiski yenye sukari na majani. Uso mkubwa wa chenga unafanya kinywaji kipoe kwa sekunde chache, na vinywaji vyake vimetungwa vikali au vitamu makusudi ili maji yale yawe na kazi. Tatizo lake halisi liko kwingine kabisa, na karibu hakuna anayelitaja: maji yaliyokwishayeyuka kabla ya kinywaji kumiminwa. Kila chembe imevaa utando mwembamba wa maji. Kwenye donge kubwa utando huo hauhesabiki, lakini kwenye uso mara kumi zaidi unakuwa maji ya kweli, tena maji yaliyokwishatumia nguvu yake ya kupoza. Yanaingia kwenye glasi yako na hayakulipii chochote. Hayo ndiyo maji ya hasara.

Utayajua kwa kuangalia tu. Barafu iliyopondwa sasa hivi ni nyeupe na hafifu, inamwagika kijiko kikiinama. Iliyokaa inakuwa ya kijivu, inashikamana, na ukiinamisha chombo unaona maji yakikimbilia pembeni. Hiyo ipitishe kwenye chujio na uitikise kwa nguvu kabla haijagusa glasi. Bora zaidi, ponda kwa nyundo ya mbao ndani ya mfuko wa turubai wa pamba, kwa sababu kitambaa kinafyonza ule utando wakati unaponda, na chenga zinatoka kavu. Halafu jaza glasi hadi juu na ufanye kilima. Ukijaza nusu kwa kuogopa maji, chenga zitakwisha zote, kinywaji kitaanza kupanda joto, na utabaki na maji yaleyale uliyoyakimbia, yakiwa vuguvugu.

Niliporudishiwa Negroni yangu imekorogwa, donge lilikuwa lilelile. Kijana aliomba aionje kwa mrija, nikampa. Akachukua glasi ya kukorogea na kuiweka mbele, kando ya ndoo ya barafu ndogo, akaanza kupokea oda iliyofuata.