Tunga zoezi kwanza, ndipo uandike lengo mahususi

Katika mitihani ya majaribio ya wanachuo wa ualimu kuna swali ambalo halikosi, na mwaka huu nililitunga hivi: "Kwa mada ya eneo la mstatili, darasa la V, andika malengo mahususi matatu yanayopimika, kila moja katika ngazi tofauti ya kufikiri." Ndilo swali linaloniumiza zaidi wakati wa kusahihisha, kwa sababu wanaolikosa si wavivu. Wamekariri. Jedwali la vitenzi vya ngazi za kufikiri za Bloom limebandikwa bwenini, safu sita, moja kwa kila ngazi, na mtahiniwa anachomoa kitenzi kimoja kutoka kila safu na kukipachika kwenye mada.

Ndipo nakutana na sentensi kama hii: "Ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kuchambua kanuni ya eneo la mstatili kwa usahihi." Kitenzi kimetoka safu ya kuchambua, mpangilio ni ule ule wa andalio la somo, na "kwa usahihi" ipo. Lakini mtoto wa darasa la V atafanya nini hasa mbele ya mwalimu? Nimemuuliza mwanachuo mmoja swali hilo uso kwa uso, akajibu, "Ataandika urefu mara upana, mkufunzi." Basi huko ni kukumbuka, ngazi ya chini kabisa, hata kama imevalishwa kitenzi cha ngazi ya nne.

Msimamo wangu ni kwamba ngazi haikai kwenye kitenzi. Inakaa kwenye kazi anayopewa mwanafunzi, na kwenye yale aliyokwisha kuonyeshwa kabla ya kupewa kazi hiyo. Kwa hiyo nawataka wanachuo wangu watunge zoezi kwanza, kwenye karatasi ya rafu, kisha ndipo waandike lengo. Wengi hulalamika kwamba muda wa mtihani hautoshi. Unatosha. Zoezi la mistari miwili linaokoa dakika nyingi za kuhangaika na vitenzi.

Tuanze na lengo la katikati, kwa sababu ndilo rahisi kulishika. Zoezi: mistatili mitano imechorwa, vipimo viko kwa sentimita, tafuta eneo la kila mmoja. Katika miwili kati ya hiyo naandika vipimo vya pande zote nne. Hiyo si mapambo. Mtoto aliyekariri "zidisha" bila kujua anazidisha nini atazidisha namba zote nne, na anayechanganya eneo na mzingo atazijumlisha. Kosa lake litanieleza tatizo liko wapi. Sasa lengo linajiandika lenyewe: "Ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aliyepewa michoro ya mistatili mitano yenye vipimo aweze kukokotoa eneo la angalau minne." Hapo kuna sehemu tatu alizozieleza Robert Mager mwaka 1962: tendo linaloonekana, hali ambamo tendo linafanyika, na kiwango cha kukubalika. Ngazi ni kutumia.

Ngazi ya kuelewa ndiyo yenye mtego. Ngazi inaitwa kuelewa, na hapo hapo mkufunzi anakukataza kuandika "aweze kuelewa". Wanachuo huona tunajipinga. Hatujipingi: kuelewa ni jina la kinachotokea kichwani, na lengo linapaswa kutaja kile ambacho jicho litaona kama dalili yake. Zoezi: mstatili wenye urefu wa sm 5 na upana wa sm 3, na karatasi yenye miraba ya sentimita moja moja. Mtoto auchore, kisha aeleze kwa maneno yake kwa nini hesabu ni 5 mara 3. Akisema "kuna mistari mitatu na kila mmoja una miraba mitano", ameelewa. Akisema "kwa sababu ndiyo kanuni", bado. Lengo: "kila mwanafunzi, akitumia karatasi ya miraba, aweze kueleza kwa maneno yake kwa nini eneo la mstatili hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa upana, akihusisha jibu na idadi ya miraba." Angalia kwamba hapa kiwango si namba. Ni sifa ya jibu. Wapo wanaolazimisha "asilimia 80" kila mahali. Mimi siwezi kusahihisha asilimia 80 ya sababu moja.

Kwa kuchambua, nampa mtoto bustani tatu, zote zikiwa na uzio wa mita 24: ya kwanza mita 10 kwa 2, ya pili 8 kwa 4, ya tatu 7 kwa 5. Akokotoe maeneo, apate mita za mraba 20, 32 na 35, kisha aonyeshe kinachobadilika na kisichobadilika. Anachotakiwa kugundua ni kwamba uzio ni ule ule, lakini eneo linakua kadiri urefu na upana unavyokaribiana. Lengo: "kila mwanafunzi aliyepewa mistatili mitatu yenye mzingo sawa aweze kubainisha, kwa kuilinganisha, uhusiano kati ya tofauti ya urefu na upana, na ukubwa wa eneo."

Lakini kama mwalimu alizichora bustani hizo hizo ubaoni na kutamka hitimisho kabla ya zoezi, mtoto hachambui chochote. Anakumbuka. Sentensi ya lengo haijabadilika hata herufi moja, ila ngazi imeshuka. Ndiyo maana katika swali la andalio zima nasoma safu ya shughuli za mwalimu kabla sijatoa alama za lengo.

Kuhusu majina ya ngazi nitasema kwa kifupi. Orodha ya Bloom ya mwaka 1956 inaishia na usanisi na kisha tathmini. Ile iliyorekebishwa mwaka 2001 inatumia vitenzi na inaishia na kutathmini na kisha kuunda. Chagua moja. Mtahiniwa anayeweka usanisi na kuunda kama ngazi mbili tofauti ametaja ngazi moja mara mbili.

Na "kwa usahihi"? Ikiwa chuo chako kimezoea kuidai, iandike, usipoteze alama kwa ubishi. Mimi siihesabu kama kiwango. Hakuna mwalimu anayelenga mwanafunzi akokotoe kwa makosa, kwa hiyo maneno hayo hayamwambii msahihishaji mpaka uko wapi. Pia epuka vitenzi viwili katika lengo moja, kama "kutaja na kueleza". Mtoto akitaja vyote asieleze hata kimoja, utaandika amefikia lengo au hajafikia?

Jibu la swali hilo linahitajika mwishoni mwa andalio, kwenye tathmini ya somo. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nimefungua maandalio yaliyoandikwa "wanafunzi wengi wameelewa" kabla kipindi hakijaanza, wino mmoja na ukurasa mzima. Aliyeandika lengo la mistatili mitano hawezi kufanya hivyo. Itambidi asubiri madaftari, kisha aandike: wanafunzi 38 kati ya 52 wamepata angalau minne, 9 wamejumlisha pande badala ya kuzidisha, 5 hawakumaliza. Kesho wale 9 anawapa karatasi ya miraba.