Windows Home kutoka mbali: Pro au njia ya pembeni?

"Kompyuta ya duka iko Kikuubo, Kampala, mimi nakaa Mbale. Ina Windows Home. Nilipie Pro ili niifikie, au kuna njia nyingine?"

Home inaweza kwenda kwa wenzake kwa Remote Desktop, zana ya Windows ya kutumia kompyuta nyingine ukiwa mbali, ila yenyewe haipokei mgeni. Kazi ya kupokea Microsoft wameiacha kwa Pro, Enterprise na Education.

Wanaotetea Pro wana hoja nzito. Ukiingia kwa Remote Desktop, skrini ya dukani hujifunga, hivyo aliyeketi kaunta haoni unavyokagua mauzo. Picha nayo hujipanga kwa ukubwa wa skrini yako.

Tatizo liko kwenye intaneti. Remote Desktop husubiri mgeni kwenye mlango wa 3389, na mgeni huyo lazima awe na anwani ya kubisha. Laini za simu kwa kawaida huwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kama duka linatumia modemu ya laini, linganisha anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti, iliyoandikwa kwenye ruta na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kukagua IP. Zikitofautiana, hata ukiwa na Pro hutafika bila kuongeza VPN kama Tailscale, inayoziunganisha kompyuta zako kama ziko mtandao mmoja. Na zikilingana, usiufungue mlango huo kwa dunia nzima. Wabahatishaji wa nywila hawalali.

Chrome Remote Desktop, ambayo ni zana ya Google, inalikwepa hilo, kwa sababu kompyuta ya duka ndiyo inayotoka kwenda kwa Google, nawe mnakutana huko. Siku ukiwa Kikuubo, fungua remotedesktop.google.com/access ndani ya Chrome kwa akaunti yako mwenyewe (si ya mfanyakazi), sakinisha programu, weka PIN ya tarakimu 6 au zaidi. Mbale utafungua ukurasa huohuo. Kisha izuie kompyuta ya duka isilale ikiwa kwenye umeme, kwa kuandika hivi kwenye Command Prompt:

```
powercfg /change standby-timeout-ac 0
```

Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani itazimika na kubaki hivyo mpaka mtu aiwashe, isipokuwa BIOS yake imepangwa kujiwasha umeme unaporudi. Ikishawaka, programu huanza yenyewe, nawe unaweza kuandika nywila ya Windows ukiwa mbali.

Kasoro yake kwenye Home ni kwamba pazia la kuficha skrini halipo. Kila unachofungua, kaunta inakiona.

Quick Assist, zana nyingine ya Microsoft, inafaa kumsaidia mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, kwa kuwa lazima akubali kila mara. Duka likifungwa haikusaidii. RDP Wrapper, inayoilazimisha Home kupokea wageni, mimi siigusi. Inavunja leseni, na sasisho likibadilisha faili ya termsrv.dll hukatika ghafla, nawe uko Mbale.

Kwa hiyo ningebaki na Home na kukagua hesabu usiku, duka likiwa limefungwa. Kama lazima ukague mchana bila kaunta kujua, hapo lipia Pro, na Tailscale juu yake.