Neno Linaloogopwa Mwezi wa Tano

"Tuna miezi mitano sasa. Ananijali, naona, lakini kila nikigusia mambo ya mbele anasema 'twende taratibu, tusipeane presha'. Nikimwambia wazi kwamba nataka uhusiano wa kudumu, si nitamfukuza?"

Huenda ukamfukuza, sitakuficha. Ila wanaokushauri unyamaze wanalipigia hesabu hilo moja tu, la kumpoteza, wakati kimya nacho kina gharama yake ambayo hawaigusi.

Niwape haki yao kwanza. Kuna mtu ambaye moyo wake unachelewa kupata moto, na kuna aliyetoka kuumizwa juzi tu. Ukimbana kabla hajajijua anataka nini, atakupa "hapana" ambayo pengine miezi miwili baadaye isingekuwepo. Namjua kijana aliyeanza kuongelea ndoa wiki ya tatu, wakiwa wameonana mara nne. Binti alimjibu, "Wewe unatafuta mke, hujanitafuta mimi." Alikuwa sahihi kabisa. Wiki ya tatu hakuna cha kudai, kwa sababu hakuna mnachokijua.

Lakini miezi mitano si wiki tatu.

Mwaka 1985 watafiti wawili wa mawasiliano wa Marekani, Leslie Baxter na William Wilmot, walichapisha utafiti kuhusu mada ambazo watu walio karibu huzikwepa wakiwa pamoja. Mahusiano ya zamani yalitajwa, na ugomvi ulitajwa. Ila mada iliyotajwa kuliko zote ilikuwa hali ya uhusiano wenyewe. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani. Watu wanaweza kusimuliana makovu ya utotoni, wakalala kifua kwa kifua, na bado swali linalowahusu wao wawili ndilo lisilotamkika.

Swali lisilotamkwa halifi. Mwaka mmoja kabla, watafiti haohao walikuwa wameandika juu ya kitu walichokiita majaribio ya siri: mtu hamuulizi mwenzake anasimama wapi, anamtegea. Anajipa umbali aone kama atatafutwa, au anataja jina la mtu mwingine aone kama wivu utawaka. Mwingine atamtambulisha mbele za watu kama "mpenzi wangu" kisha akamkodolea macho aone uso utabadilika vipi. Mwingine ataenda kwa rafiki wa mwenzake kuchimba habari. Kama umefanya mojawapo kati ya haya, ujue umeshaanza kuuliza, ila kwa mlango wa nyuma, na majibu ya mlango wa nyuma hayasomeki.

Rafiki yangu mmoja alijaribu lile la umbali. Alikaa kimya siku nne: hapigi, haandiki. Siku ya tatu jioni simu ikaita ujumbe: "Mbona kimya?" Akanionyesha, macho yanang'aa: "Unaona? Kumbe ananiwaza." Nikamuuliza kwa nini basi mwanaume wake hakuonekana kukosa kitu siku mbili za kwanza. Akanuna. Baadaye sana, mambo yalipokuwa wazi, yule mwanaume alimwambia alichokisoma yeye katika zile siku nne: kwamba huyu dada naye ana maisha yake, hana haja ya kuganda, na hivyo wako sawa. Kimya kilekile kilisomwa na wawili kwa maana mbili zilizopingana, na kila mmoja akaondoka amethibitishiwa alichokuwa anakitaka.

Hapa ndipo ushauri wa "usimpe presha" unaponikera. Unamfundisha anayetaka kitu cha kudumu aigize kwamba hana shida. Akiigiza vizuri, mwenzake atamwamini, na kuanzia hapo hao wote wawili wanaonekana hawataki mzigo. Hata "twende taratibu" si sentensi isiyoegemea upande, maana taratibu ni mwendo wa mmoja wenu tayari. Mwanasosholojia Willard Waller aliandika mwaka 1938 kwamba katika uhusiano, mwenye haja ndogo ya kuuendeleza ndiye mwenye usukani. Akitaka kuonana, mnaonana, asipotaka, unasubiri. Kuongea hakuuondoi usukani mikononi mwake, lakini kunamfanya ajue kwamba kuna abiria anayejua anakokwenda, na anayeweza kushuka.

Sasa, namna ya kusema. Rafiki yangu alianza vibaya: saa tano usiku, kwa ujumbe, "Hivi sisi ni nini?" Jibu: "Kwani tuko vibaya?" Mazungumzo yakafia hapo, na sidhani huyo mwanaume alikuwa mjanja. Swali la "sisi ni nini" linamtaka mwenzako atoe jina la kitu ambacho hajakifikiria, huku wewe umejificha nyuma yake. Mara ya pili alisema ana kwa ana, mchana, siku ambayo hawakuwa wamegombana: "Mimi natafuta uhusiano wa kudumu, na ningependa uwe na wewe. Sihitaji unijibu leo. Ila sitaki uendelee kudhani kwamba hivi tulivyo kunanitosha." Halafu akanyamaza, jambo ambalo ndilo gumu kuliko yote. Hakuongeza "lakini hata tukibaki hivi sawa tu", maneno ambayo hufuta kila kilichotangulia. Wala hakuweka "la sivyo", maana "ndiyo" inayotolewa chini ya tishio hujui ni ya nani. Kama una tarehe yako ya kuondoka, kaa nayo moyoni.

Jibu alilopata ndilo linalopatikana mara nyingi: "Siko tayari." Neno hili lina vyumba viwili, na inafaa kugonga kwa upole na kuuliza ni kipi: hauko tayari kwa sasa, au hauko tayari na mimi? Yeye aliuliza. Mwanaume akasema, "Nipe muda."

Zilizofuata zilikuwa wiki mbili tamu. Simu kila asubuhi, "umekula?" kila mchana. Wiki ya tatu zikapungua, ya tano wakawa walipokuwa. Wengi wanajichanganya hapa. Hofu ya kupoteza humfanya mtu awe mtamu, na utamu hauhitaji mpango. Kinachofaa kutazamwa ni vile vinavyohitaji: je, anataja mwezi ujao nawe ukiwemo? Je, umekutana na mtu yeyote wa upande wake? Anakutafuta akiwa na siku mbaya, au akiwa na nafasi tu? Kwa huyu, hayo yote yalibaki palepale. Na ningesema vilevile kinyume chake: simu zikiwa chache ila akaanza kukuhusisha na mipango yake, huyo anasogea, hata kama taratibu, na hapo wale wanaoshauri subira wana hoja.

Mwezi wa pili alimwendea tena, akamuuliza mara moja tu. Jamaa akainamisha kichwa, akasema hapana, hataki cha kudumu, na wala tatizo si muda. Kisha akauliza, na nadhani aliuliza kwa dhati, "Ila mbona siku zote ulionekana huna shida na hivi tulivyo?"

Rafiki yangu alikosa jibu la hilo. Jamaa alipouliza kama wanaweza kuendelea kama zamani, jibu la hilo alikuwa nalo.