Karatasi ya ushauri inamhesabu mtoto tu, mama kasahaulika

Tuseme mama wa kilo 60, mtoto ana wiki tatu, anameza dawa ya sonona iitwayo setralini, miligramu 100 kwa siku. Uzazi wa kwanza sonona ilimpiga mpaka akawa hataki hata kumshika mtoto, safari hii yuko vizuri. Anapewa karatasi: dawa inapita kwenye maziwa, chagua kuacha dawa au kuacha kunyonyesha. Jamani! Kupita inapita, ila ni kiasi gani?

Tupige hesabu. Mama anapata kama maikrogramu 1,667 kwa kila kilo yake. Maziwa tuseme yana maikrogramu 50 kwa lita, na mtoto ananyonya kama mililita 150 kwa kila kilo yake kwa siku, kwa hiyo anaambulia 7.5 kwa kilo. Gawanya, haifiki hata nusu asilimia ya dozi ya mama, wakati mstari unaotumika sana kuanza kuogopa ni asilimia 10. Watoto wengi wakipimwa damu, setralini haionekani kabisa.

Sasa upande ambao karatasi imeuacha mtupu. Akikata dawa ghafla siku za mwanzo anaweza kupata kizunguzungu na hasira za ajabu, zikiisha anajiona kapona, halafu wiki kadhaa baadaye sonona inarudi polepole na watu wanasema ni uchovu wa uzazi tu. Na huyu alishaugua, hatari yake iko juu kuliko ya mama ambaye hajawahi. Kwangu mimi hiyo ingeandikwa juu kabisa.

Kingine kinachoniudhi ni kubadilisha dawa kwa kukariri. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, kweli inapita zaidi, na inakaa mwilini muda mrefu kwa hiyo inaweza kujikusanya kwa kichanga. Kama ndiyo unaanza dawa leo, setralini ni chaguo zuri zaidi. Ila mama aliyetulia na fluoksetini mimba nzima, mtoto alishaipata tumboni kwa wingi kuliko atakavyoipata kwenye ziwa, sasa unamhamishia dawa ambayo hujui kama itamfaa, tena kipindi hiki?

Lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka sana, hapo mimi mwenyewe narudi nyuma. Inaingia kwa mtoto kwa wingi, na akiharisha au akitapika maji yakapungua, inaweza kupanda haraka kwenye damu yake. Mama akiihitaji kweli basi mtoto apimwe damu, figo na tezi ya shingo, na kama vipimo hivyo havipatikani hapo mlipo, maziwa ya kopo ni sawa, asisimangwe na mtu.

Kwa yule mama wa setralini ningemwandikia hivi: endelea na dawa, nyonyesha kama kawaida, huna haja ya kukamua na kumwaga. Mtoto akilala mpaka haamki kunyonya, akinyonya kivivu au uzito usipopanda, mlete siku hiyohiyo. Akiwa njiti, tuonane mapema zaidi. Na wewe ukikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, njoo pia.