"Agiza Mapema" Ndiyo Lini?

Msimu wa mahafali ukifika, picha za mashada ya maua zinamiminika. Picha zenyewe nzuri, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu uko chini ya picha: "Agiza mapema, tunaleta popote. Bei inboksi." Mapema ndiyo lini, alfajiri? Na popote ni wapi, mpaka kwenye kiti cha mhitimu ukumbini?

Muuza maua anajua fika jibu, ila haliandiki. Tuseme mahafali ni Jumamosi saa tatu asubuhi na shada la kwenye picha lina lili. Lili hununuliwa zikiwa matumba yaliyofumba, na huchukua siku mbili tatu ndani ya maji mpaka zichanue. Basi Jumatano lazima ziwe ndooni, na oda iwe imefika Jumatatu ili anunue idadi inayotosha. Anayeagiza Alhamisi ataletewa matumba ya kijani, kisha atalalamika kuwa hakupewa alichokiona pichani. Atakuwa na haki! Waridi hazina makuu: kata sentimita mbili za shina kwa mshazari, ziloweke usiku mmoja, kesho zinafungwa.

(Lili ikichanua, nyofoa vile vichwa vya chavua kabla havijapukutika. Chavua ikidondokea joho, usipanguse kwa maji, itazama kwenye kitambaa. Ibandue kwa selotepu.)

Kupeleka nako kuna mambo. Kuletewa nyumbani Ijumaa jioni ndiyo salama zaidi: shada linalala ndani ya maji, mbali na jua na matunda yaliyoiva, maana matunda hutoa gesi inayozeesha maua. Kuletewa getini siku yenyewe ndiko kunakoharibika, na chanzo huwa namba ya simu. Mteja anatoa namba ya mhitimu! Mhitimu yuko kwenye foleni, simu kaizima, dereva anapiga weee, na shada linaiva ndani ya gari lililofungwa vioo. Iombwe namba ya ndugu aliye nje. Na kwa kuwa ndugu huyo atalishika kwa muda wa saa tatu nzima, mashina yafungwe pamba iliyolowa ndani ya mfuko wa nailoni.

Najua, maelezo marefu hayasomwi. Haya, mistari minne tu:

"Mashada ya mahafali ya Jumamosi. Yenye lili: mwisho wa oda Jumatatu saa kumi jioni. Waridi tupu: mwisho Alhamisi saa sita mchana.
Chukua dukani au uletewe nyumbani Ijumaa, saa kumi hadi saa moja jioni.
Getini Jumamosi, saa moja hadi saa mbili asubuhi: tupe jina la mhitimu, geti, na namba ya mpokeaji asiye mhitimu.
Lili zikikosekana tutakuuliza kabla ya kubadilisha."

Na bei iandikwe hapohapo, inboksi kuna nini?