INR ikipanda kidogo: tuguse dozi au tuiache?

"Mama ana mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 5 kila usiku. Kwa miezi saba INR yake, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ilikuwa 2.2, 2.6, 2.4, hivyohivyo, na lengo lake ni 2 hadi 3. Mwezi uliopita ikatoka 3.4. Akaambiwa aruke dozi ya usiku mmoja, halafu awe anameza 4. Baada ya siku sita ikawa 1.7, akapandishwa hadi 6. Siku kumi baadaye ni 3.9, na safari hii ameambiwa aache kabisa mboga za majani. Hatujui tena tumsikilize nani."

Kabla ya kumjibu aliyeniandikia haya nilimwuliza jambo moja: wiki ile kabla ya 3.4 kutoka, mama alikuwa na hali gani? Alikuwa na homa na mwili kuuma. Kwa siku tano alimeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 mara tatu kwa siku, na chakula kilikuwa hakipiti. Hakuna aliyemwuliza habari hiyo siku ya kipimo, naye hakuona sababu ya kuitaja, kwa kuwa parasetamoli kwake ni dawa ya kawaida tu.

Kwangu mimi kesi nzima imo humo. Parasetamoli ya gramu 2 au zaidi kwa siku, ikimezwa siku kadhaa mfululizo, inaweza kuipandisha INR. Homa nayo huipandisha, na kutokula vilevile, maana vitamini K inayoingia mwilini inapungua. Mambo matatu yalikutana ndani ya wiki moja, yote ya kupita. Siku mama alipokwenda kupimwa homa ilikuwa imeshaisha na sahani imerudi mezani. Ile 3.4 ilikuwa inaeleza wiki iliyokwisha pita.

Watu wengi wanaosoma INR kama wanavyosoma kipimo cha sukari hukosea hapa. Wafarini haizuii damu kuganda moja kwa moja. Inazuia ini kuitumia tena vitamini K, na bila vitamini hiyo ini haliwezi kukamilisha protini nne za kugandisha damu: namba 2, 7, 9 na 10. Zile zilizokwisha tengenezwa zinaendelea kuzunguka hadi zichakae zenyewe, na hazichakai kwa mwendo mmoja. Namba 7 hupungua kwa nusu ndani ya saa sita hivi. Namba 2 huchukua siku mbili na nusu au zaidi. Wafarini yenyewe hukaa mwilini, nusu yake ikitoka kwa takriban saa 40. Kwa hiyo dozi ya jana usiku karibu haionekani kwenye kipimo cha leo asubuhi. Kinachoonekana zaidi ni dozi za siku mbili tatu nyuma. Na dozi mpya ikianza leo, inachukua wiki moja au zaidi kabla INR haijatulia mahali pake.

Sasa tazama hesabu ya mama. Miligramu 5 kila usiku ni 35 kwa wiki. Usiku mmoja aliruka, nyusiku tano akameza 4, jumla 20 kwa siku sita, wakati mwili wake ulizoea 30. Amepunguziwa theluthi nzima, na kupunguziwa huko kukaangukia wakati homa na parasetamoli vimeshaondoka, yaani INR ilikuwa inashuka yenyewe. Hiyo 1.7 ilitengenezwa na sisi. Kisha akapandishwa kutoka 4 hadi 6. Watu husikia "miligramu mbili tu", lakini kutoka 28 kwa wiki hadi 42 ni ongezeko la nusu, na 42 inaizidi kwa asilimia 20 dozi iliyokuwa imemshika vizuri kwa miezi saba. Hiyo 3.9 haina fumbo lolote. Dozi imefanya kazi yake.

Wanaotetea kugusa dozi mapema wana hoja, na sitaki kuipita juu juu. INR inapopanda hatari ya kuvuja damu huongezeka, na kuvuja kwa ubongo hakurekebishwi na dozi ya kesho. Mhudumu aliye mbele ya mgonjwa hana hakika kwamba atarudi baada ya wiki. Akimwacha na 3.4 na mtu akapotea miezi miwili, lawama ni yake. Yupo pia mgonjwa mwenye vali ya moyo ya chuma, ambaye INR ikishuka anaweza kupata donge la damu kwenye vali. Huyo lengo lake mara nyingi ni la juu zaidi, kwa vali ya mitrali kawaida 2.5 hadi 3.5, hivyo 3.4 kwake ni nzuri kabisa, na 1.7 ni dharura ya kushughulikiwa siku hiyohiyo.

Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kugusa dozi ni upande salama, na hapo ndipo ninapoachana nayo. Kwa mtu kama mama huyu, mwenye lengo la 2 hadi 3, kushushwa hadi 1.7 kunamrudisha kwenye hatari ya kiharusi, ambayo ndiyo iliyomfanya aanzishiwe dawa. Mwongozo wa mwaka 2012 wa Chuo cha Madaktari wa Kifua cha Marekani ulilisema hili wazi: mgonjwa aliyekuwa ametulia, INR ikitoka nje ya lengo mara moja kwa 0.5 au chini ya hapo, aendelee na dozi ileile na apimwe tena ndani ya wiki moja hadi mbili. Hiyo 3.4 imezidi kwa 0.4.

Na inapobidi kugusa kweli, kwa mfano INR imezidi mara mbili mfululizo na hakuna sababu ya kupita, tunahesabu kwa wiki na kubadilisha asilimia 5 hadi 15, mara chache 20. Kwa mtu wa 35, kumeza nusu kidonge siku moja ya wiki na kidonge kizima siku sita kunampa 32.5. Hiyo ni asilimia 7. Inaonekana ndogo mno, lakini kwa wafarini inatosha kabisa kuihamisha INR.

Saa ya kumeza nayo imezungushiwa imani nyingi. Tunasema usiku kwa sababu ya ratiba: damu hutolewa asubuhi, jibu hutoka mchana, na kama dozi inabadilika ibadilike usiku huohuo. Aliyekwisha meza asubuhi anasubiri hadi kesho. Dawa yenyewe haifanyi kazi vizuri zaidi gizani. Anayesahau usiku na kukumbuka asubuhi ni bora ahamie asubuhi, na kliniki yake ijue. Aliyesahau, akikumbuka siku hiyohiyo ameze. Ikishakuwa kesho asimeze mbili kufidia, aiandike tu.

Ushauri wa mboga unanikera zaidi ya yote. Mboga za kijani kilichokoza zina vitamini K, na vitamini K huishusha INR. Kumnyima mboga mtu mwenye 3.9 ni kumwondolea kile kinachoizuia isipande zaidi! Hata kwa mwenye INR nzuri, katazo hilo humwacha na akiba ndogo ya vitamini K, na mwenye akiba ndogo huyumbishwa na kila kitu: siku mbili za kuharisha zinampandisha, sahani moja ya sherehe inamshusha. Nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa kina zaidi ya mikrogramu 400, wakati mtu mzima anahitaji kama 90 hadi 120 kwa siku. Kwa mtu aliyezoea kula mboga hiyo sahani haimgusi sana; kwa aliyezikwepa mwezi mzima, inaonekana kwenye kipimo. Katika jaribio moja la Uingereza, wagonjwa ambao INR zao hazikutulia walipewa mikrogramu 150 za vitamini K kila siku, wakatulia zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hatuwapi watu wote vidonge hivyo, kwa sababu majaribio mengine hayakuona faida kubwa, ila jaribio hilo linatosha kuonyesha kwamba adui ni kuyumba. Mama ale mboga zake, kiasi kinachokaribiana wiki hadi wiki.

Msimamo wangu wa kuacha dozi una mpaka, na mpaka huo ni dawa mpya. Hapo kusubiri ni kosa. Mtu akianzishiwa dawa za kuua vijidudu kama metronidazoli, kotrimoksazoli au flukonazoli, ini linapunguza kasi ya kuiondoa wafarini, na INR inaweza kupanda ndani ya siku tatu hadi tano hata kama kipimo cha wiki iliyopita kilikuwa 2.4. Huyo apimwe siku hizo, asingoje tarehe ya kadi, na mara nyingi dozi hupunguzwa tangu mwanzo. Amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo, huipandisha INR polepole kwa wiki kadhaa na athari yake hubaki miezi baada ya kuachwa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume: hulichochea ini, INR ikashuka kwa wiki moja mbili, na dozi ya wafarini inaweza kulazimika kuongezwa maradufu au zaidi. Hatari yake kubwa huja mwishoni. Matibabu yanaisha, mtu anafurahi, ini linarudi mwendo wake wa zamani kwa wiki kadhaa, na dozi kubwa imebaki palepale. Nikiona kadi ya mtu aliyemaliza rifampisini, siangalii INR ya leo peke yake; naomba vipimo vya kila wiki hadi dozi irudi ilipokuwa.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ni habari nyingine. Zinadhoofisha chembe sahani, zile za damu zinazoziba jeraha, na kuchubua tumbo, na INR inaweza kusoma 2.5 huku choo kikiwa cheusi kama lami. Anayeona choo hicho, au aliyegonga kichwa, aende hospitali bila kujali namba yoyote.

Kuhusu mama: 3.9 bila kuvuja damu haihitaji sindano wala vitamini. Nilichoshauri wapeleke kliniki ni pendekezo la kurudi kwenye 35 kwa wiki, ikiwezekana baada ya kuruka usiku mmoja, mboga zirudi, na apimwe baada ya siku saba. Kwenye kadi yake tumechora safu moja mpya pembeni ya INR. Mstari wa kwanza, mkabala na 3.4, ameuandika binti yake kwa mkono: "homa, parasetamoli sita kwa siku, hakula."