Ukichora vijiti vinne, shika pedeli, achana na kranki

Kuna tabia naiona kwa watu wengi wanaojifunza kuchora mashine kwenye kompyuta, mtu anataka kujua tu kitu kitasogeaje lakini anaanza na 3D, anachora kila kipande na matundu yake na unene wake, anakuja kuunganisha, halafu baada ya kazi yote hiyo anagundua kijiti kimoja ni kifupi na mtambo hauzunguki. Mimi msimamo wangu ni kwamba mtambo wa vijiti vinne unamalizwa kwenye skechi ya 2D, mistari minne mitupu, unaivuta na mausi unaona. Ila na hapo kwenye kuvuta ndo watu wanadanganyika, na hilo ndo nataka kulisema leo.

Tuchukue kitu tunachokijua, cherehani ya mguu. Ukiinama chini ya meza utaona pedeli inayocheza juu chini, fimbo inayopanda kutoka kwenye pedeli, na kule juu imeshika pembeni kidogo ya katikati ya gurudumu kubwa, hapo ndo kranki. Kijiti cha nne watu wanakisahau kwa sababu hakisogei, ni ile fremu ya chuma yenyewe, yani umbali kati ya ekseli ya gurudumu na mahali pedeli inapojipindia. Vijiti vinne, viungo vinne, basi.

Vipimo nimejichagulia mwenyewe ili hesabu iwe rahisi, sijapima cherehani ya mtu: fremu 380, kranki 40, fimbo 360, pedeli 150, zote milimita. Natumia SolveSpace kwa sababu ni ya bure na ni nyepesi, hata laptop iliyochoka inaiweza, ila FreeCAD na nyingine zote wazo ni lile lile.

Unachora mistari minne iliyoshikana mwisho kwa mwisho mpaka ifunge. Usihangaike na vipimo mwanzoni, chora tu kwa jicho ila umbo lifanane na unachotaka, maana programu itatafuta jibu lililo karibu na ulichochora, ukichora pedeli upande wa kushoto itabaki kushoto. Ncha ya ekseli iweke kwenye orijini. Mstari wa fremu uwe wima, bonyeza `V`, ushuke chini. Halafu kila mstari mpe urefu wake kwa `D`. Hapo acha, usiongeze kitu.

Kwanini uache? Hesabu hivi. Una pointi nne, na kila pointi ina namba mbili za kuijua ilipo, jumla 8. Ekseli kuwekwa kwenye orijini imekula 2, fremu kuwa wima imekula 1, urefu wa vijiti vinne umekula 4. Jumla 7. Imebaki 1, na hiyo moja ndo mashine yenyewe, ndo mzunguko. Kwenye SolveSpace angalia orodha ya magrupu, safu ya `dof`, uione hiyo 1. Ukiona 2 kuna kitu kimoja hujakifunga, labda kijiti kimoja hujakipa urefu. Ukiona 3 labda ncha mbili zinaonekana zimegusana kumbe hazijashikana, zivute utaona zinaachana. Ukiona 0 umefunga kupita kiasi na hakuna kitakachosogea. Mara nyingi 0 inatokana na programu yenyewe kukusaidia bila kuombwa, umechora fimbo karibu wima ikakuwekea sharti la wima kimya kimya, tafuta alama ya V kwenye mstari usiouhusu ufute.

Na hapa niseme kitu, FreeCAD skechi ikifungwa yote inageuka kijani na watu wamefundishwa kwamba kijani ndo kumaliza kazi. Kwa kipande cha kwenda kukatwa sawa kabisa. Kwa mtambo, kijani ni maiti.

Kitu kimoja tu cha kuongeza kinachofaa ni kipimo cha nyuzi kati ya fremu na pedeli, ila ukigeuze kiwe cha kusoma tu, unakichagua unabonyeza `E`, kinaandika REF. Hapo kinakuonyesha namba bila kuushika mtambo. Bila hiyo `E` umeiua ile 1 uliyoihifadhi.

Haya sasa vuta. Shika ncha ya kranki izungushe taratibu. Inazunguka duara zima, tamu kabisa, pedeli inapanda na kushuka. Soma ile namba ya nyuzi: pedeli ikiwa chini kabisa inasoma kama 86.5, ikiwa juu kabisa 55.5. Kwahiyo mguu unacheza nyuzi 31 hivi. Hizo namba unaweza kuzihakiki kwa karatasi, chini kabisa ni pale kranki na fimbo zimenyooka mstari mmoja, 40 na 360 ni 400, juu kabisa ni pale zimelaliana, 360 toa 40 ni 320, na pembetatu ya 380, 150 na huo umbali inakupa nyuzi.

Watu wengi wanaishia hapa. Wanasema mtambo unafanya kazi, wanaenda kukata chuma. Lakini jamani, cherehani nani anazungusha kranki? Nguvu inaingilia kwenye pedeli! Kuvuta kranki ni kujaribu mashine nyingine, kama waipa ya gari ambayo mota ndo inazungusha kranki. Skechi ni ile ile ila swali ni jingine.

Sasa shika ncha ya pedeli uvute wewe. Inashuka vizuri, kranki inafuata, mpaka ukikaribia 86.5 utaona kitu cha ajabu, pedeli inasogea kidogo sana lakini kranki inaruka kwa kasi, halafu kila kitu kinagoma. Ukivuta zaidi chini haiendi. Ukirudi juu kranki inaweza kuendelea mbele kumalizia duara, au ikarudi ilikotoka, na huna uwezo wa kuichagulia. Huko juu kwenye 55.5 ni hivyo hivyo. Mausi yako haina kosa wala programu haijaharibika. Pale kranki na fimbo zikiwa mstari mmoja, kusukuma pedeli ni kusukuma ekseli moja kwa moja, hakuna kinachobaki cha kuzungusha.

Mafundi cherehani hili wanalijua kwa mkono. Ndo maana fundi kabla ya kukanyaga anagusa gurudumu dogo la juu kwa mkono wa kulia analisukuma kidogo, analitoa kwenye hiyo sehemu iliyokufa na kulichagulia upande wa kwenda, maana likianza kurudi nyuma uzi unajisokota au unakatika. Likishashika mwendo, uzito wa gurudumu kubwa unalivusha pale kila mzunguko. Skechi haina uzito wala mwendo, kwahiyo inakuonyesha ile sehemu ikiwa uchi kabisa, na kwangu mimi hiyo ndo faida kubwa ya kuvuta kwa mausi kuliko kuangalia video ya kitu kinachozunguka kwa mota ya kufikirika.

Kuna uongo mmoja ambao skechi inausema kweli lakini. Ukivuta haraka, programu haifuati njia, inachukua mahali mausi ilipofika na kutafuta jibu lolote la karibu linalotimiza urefu wote. Na kwa kila mkao wa kranki majibu ni mawili, pedeli kulia kwa fremu au pedeli kushoto. Ukikurupuka utashtukia pedeli imehamia upande wa pili. Kwenye chuma haiwezekani kwa vipimo hivi, mpaka ung'oe pini uunge upya. Namna ya kuikamata ni kuchagua ncha ya pedeli, nenda `Analyze` halafu `Trace Point`, zungusha kranki. Ncha inapaswa kuacha upinde mfupi wa kama milimita 80, inaenda na kurudi juu ya mstari ule ule. Ukiona mstari mrefu umekatiza kwenda ng'ambo, hiyo ni kuruka, rudisha uvute polepole. (`Stop Tracing...` inakuhifadhia pointi zote kwenye faili la CSV kama unapenda mambo ya grafu.)

Sasa fupisha pedeli uone utamu. Badili 150 iwe 60. Kuna kanuni ya Mjerumani Franz Grashof, ya karne ya 19, inasema kijiti kifupi kuliko vyote jumlisha kirefu kuliko vyote, isizidi jumla ya viwili vilivyobaki, ukitaka kimoja kizunguke duara zima. Hapa 40 na 380 ni 420, na 360 na 60 nayo 420. Sawasawa kabisa. Zungusha kranki mpaka iangalie juu kabisa, vijiti vyote vinne vinalala kwenye mstari mmoja, na kutoka hapo pedeli inaweza kwenda kulia au kushoto, na safari hii siyo uongo wa programu, hata chuma kingefanya hivyo. Mtambo wa hivyo usiujenge.

Punguza tena, weka 55. Milimita 5 tu. Kranki sasa inakwama nyuzi kama 30 kabla ya kufika juu, na ukiizungusha kwa upande mwingine inakwama nyuzi 30 vile vile, yani umepoteza kipande cha nyuzi 60 cha duara kwa milimita 5. Hapo juu umbali unaotakiwa ni 420 na fimbo na pedeli zikinyooka zote zinafika 415. Hii kwenye 3D ungeitafuta siku nzima ukidhani ni tundu limekaa vibaya.

Kwahiyo 3D naifungua lini? Mistari minne haina unene, inapitana kama haipo. Fimbo kugonga spoku za gurudumu, kichwa cha boliti kukwaruza mguu wa meza, hayo skechi haitakwambia kamwe, na vijiti halisi vinakaa kwenye tabaka tofauti lazima ujue kipi kiko mbele ya kipi. Hapo ndo nachora unene, nikiwa tayari nimeshavuta pedeli kwa mausi na ninajua kranki inakufa kwenye nyuzi ngapi.